Kabla hujamwita mtoto, isome ile picha ya ripoti mpaka chini

Juzi jioni mama mmoja wa Masasi alinitumia picha ya ripoti ya mwanawe wa kidato cha kwanza. Chini yake aliandika: "Shikamoo mwalimu. Nimetumiwa hii leo mchana na mwalimu wa darasa. Mtoto yuko shamba na baba yake, wanarudi kesho. Sijui nianzie wapi bila kumpiga."

Nilimjibu maneno matatu kwanza: usimtumie mtu mwingine.

Nina sababu. Nilifundisha sekondari miaka sita huko Newala kabla sijahamia Mikindani, na ripoti za aina hiyo nimezijaza kwa mkono wangu, darasa baada ya darasa. Mzazi akija ofisini analia nilikuwa najua cha kumwambia. Lakini miaka miwili iliyopita, ripoti mbaya ilipokuwa ya kijana wangu mwenyewe, nilifanya lile lile ambalo ningemkataza mtu yeyote. Picha iliingia kwenye simu, nami hata sijaisoma vizuri nikairusha kwenye kundi la wasapu la ukoo: "Jamani, huyu mtoto ataniua." Mjomba wake akajibu kwamba shule imemshinda, apewe bomba akapulizie salfa kwenye mikorosho. Wengine wakacheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nilipata nafuu kidogo kuona kwamba siko peke yangu.

Usiku ule mtoto aliomba simu aangalie matokeo ya mpira. Aliyaona yote. Hakusema neno.

Muhula uliofuata alinionyesha ripoti aliyoipiga picha yeye mwenyewe, akidai karatasi ililowa mvua. Biolojia alikuwa na 74. Nilifurahi mpaka nikaenda kununua soda. Kisha mazoea ya ualimu yakanirudia, nikajumlisha alama zote. Jumla yangu ilizidi ile iliyoandikwa chini kwa 60. Ile 74 ilikuwa 14, na moja ilikuwa imeongezwa mkia kwa kalamu. Nilipomuuliza, alitazama chini akasema, "Niliogopa utaituma tena." Mpaka leo nikilikumbuka jibu hilo koo linakauka. Mimi ndiye niliyemfundisha kuficha.

Basi turudi kwa mama wa Masasi. Nilimwambia asimwite mtoto kwanza, aisome picha. Picha ya ripoti ina tabia ya kumdanganya mzazi, kwa sababu macho yanakimbilia pale penye herufi F na pale penye nafasi. Yeye alikuwa ameona vitu viwili tu: "F nne" na "nafasi ya 94 kati ya 118". Nikamwomba aikuze picha, asogee mstari kwa mstari, kisha anisomee kwa sauti. Alama zilikuwa hivi: Kiswahili 68, Historia ya Tanzania na Maadili 61, Kiingereza 34, Elimu ya Biashara 30, Hisabati 28, Biolojia 24, Jiografia 21, Kemia 19. Kwenye Fizikia palikuwa na X. Jumla 285, wastani 31.7.

Hiyo X hakuwa ameiona kabisa, kwa kuwa kivuli cha mkono wa mpiga picha kilikuwa kimeifunika nusu. X ni alama ya mtu ambaye hakufanya mtihani. Sasa chukua kikokotoo: 285 ukigawa kwa masomo manane aliyoyafanya unapata 35.6. Ukigawa kwa tisa ndipo unapata 31.7. Maana yake Fizikia imehesabiwa kama sifuri, na nafasi ya 94 imetokana na wastani huo. Nikamuuliza, siku ya Fizikia mtoto alikuwa wapi? Akanyamaza kidogo, halafu akaandika: "Mwalimu, siku ile nilimpeleka zahanati mwenyewe. Alikuwa na homa." Mama huyu alikuwa tayari kumpiga mtoto kwa sifuri ambayo sababu yake anaijua yeye.

F nazo si sawa. F inaanzia 0 mpaka 29, na D inaanzia 30. Hisabati ya huyu kijana ni 28, alama mbili tu chini ya D, wakati Kemia yake ni 19. Mzazi anayesema "una F nne" ameyaweka kapu moja mambo ambayo mtoto mwenyewe anajua ni tofauti, na hapo mtoto anaacha kusikiliza. Ndiyo maana nasema taja somo na alama yake, usitaje idadi ya F.

Lakini lililonisimamisha mimi ni mpangilio. Tazama masomo mawili ya juu. Kiswahili, na Historia ya Tanzania na Maadili. Yote mawili yanafundishwa kwa Kiswahili. Yaliyobaki yote yanafundishwa kwa Kiingereza, na yote yameanguka. Huyu ni mtoto aliyesoma miaka saba shule ya msingi kwa Kiswahili, akafika kidato cha kwanza Januari, na Juni akafanya mtihani wa Biolojia kwa lugha ambayo hadi mwaka jana aliisoma kama somo tu. Ripoti ya mtoto mvivu mara nyingi haipendelei lugha, inashuka kila mahali. Hii ilikuwa inapiga kelele kitu kingine. Hata hivyo kelele si ushahidi, ilibidi tupime.

Nikamwambia amwombe mtoto karatasi za mitihani, si ripoti. Walimu wengi huzirudisha baada ya kusahihisha, na kama hazipo, daftari linatosha. Akae naye wawili tu, wadogo zake wakiwa wamelala, simu ikiwa imegeuzwa. Aanze hivi: "Nimeiona ripoti yako. Ile X ya Fizikia naijua, tulikuwa zahanati. Nimeona 68 ya Kiswahili. Nataka tuangalie Biolojia pamoja, unionyeshe swali moja lililokusumbua." Asiulize "kwa nini umefeli?" Swali hilo halina jibu ambalo mtoto wa miaka 14 anaweza kulitoa mbele ya mama yake isipokuwa kulia au kusema uongo. Swali kuhusu karatasi lina jibu, kwa sababu jibu lipo juu ya meza.

Kipimo chenyewe ni chepesi, na mzazi asiyejua Kiingereza anakiweza. Mtoto asome swali, kisha aseme kwa Kiswahili linataka nini. Halafu alijibu kwa Kiswahili. Akishindwa kusema linataka nini, lakini ukimfafanulia analijibu vizuri, tatizo ni lugha ya swali. Akijua linataka nini ila hana jibu hata kwa Kiswahili, mada yenyewe haijaingia. Mambo hayo mawili dawa yake si moja, na ripoti peke yake haiwezi kukuonyesha lipi ni lipi.

Walikaa Jumamosi. Kwenye Biolojia kulikuwa na swali lililotaka tofauti tatu kati ya viumbe hai na vitu visivyo hai. Kijana alikuwa ameandika ng'ombe, mwembe, mtu. Akapata sifuri. Mama alipomuuliza kwa Kiswahili viumbe hai wana nini ambacho jiwe halina, alijibu palepale: vinakula, vinakua, vinazaana. Jibu alikuwa nalo. Neno la "tofauti" ndilo hakulielewa, akadhani anaambiwa ataje mifano. Kwenye Hisabati hesabu zilizoandikwa kwa tarakimu alizipata karibu zote, na zile za maneno aliziruka. Kemia ndiyo ilikuwa habari nyingine: hata kwa Kiswahili hakuwa na la kusema, na daftari lilikuwa tupu kwa wiki kadhaa. Akaeleza mwenyewe, bila kubanwa, kwamba anakaa nyuma na herufi za ubaoni anaziona zimeungana.

Angemwambia hilo kama angeanza na fimbo? Mimi najua asingesema, kwa sababu wangu hakusema.

Kwa hiyo mama ana kazi tatu, na zote ni ndogo. Macho yakapimwe. Kwa mwalimu wa darasa aende na daftari la Kemia mkononi, aombe mtoto asogezwe mbele, na aulize kama Fizikia inaweza kufanywa upya au angalau ripoti isomeke kwa masomo manane. Na nyumbani, mtoto aandike nyuma ya daftari maneno ya kuamrisha yanayorudi katika kila mtihani: taja, eleza, tofautisha, orodhesha, kokotoa, fafanua. Aandike la Kiingereza na maana yake, amfundishe mama yake matatu kila jioni. Mama ndiye mwanafunzi hapo. Sijamwahidi kwamba Septemba atapata B. Nimemwambia asubiri kuona kama karatasi ya Biolojia itakuwa na majibu ya kile kilichoulizwa, hata yakiwa na makosa ya lugha. Hicho ndicho kipimo cha muhula huu.

Na wazazi wenzangu wa kusini, neno moja linanichoma. Tuache kumwambia mtoto aliyefeli kwamba ataishia kupulizia mikorosho. Baba yake yuko chini ya mikorosho hiyo hiyo mwezi huu, na daftari lake lilinunuliwa kwa fedha ya mnada wa Oktoba. Ukimtisha kwa kazi ya baba yake umemwaibisha yeye, umemwaibisha na baba, na Kemia haijapanda hata alama moja. Nilimwacha mjomba aseme hivyo juu ya mwanangu na sikumjibu. Ningemjibu leo.

Jana mama aliniandikia tena. Baada ya mazungumzo yao kijana aliuliza swali moja tu: "Umemtumia nani hiyo picha?" Mama akamwambia ukweli, kwamba ni mwalimu mmoja wa Mikindani, basi. Kijana akaruhusu niandike alama zake hapa kwa masharti mawili: nisitaje jina lake wala shule yake, na picha niifute. Nimeifuta, mama, na kwenye pipa la taka la simu pia. Mwambie.