Kitufe kimoja, mtu mmoja: maswali yenu ya Goma

Koko yangu wa Ndosho haoni vizuri. Simu yake ni ile ndogo ya vitufe. Nataka apige kwa kushika kitufe kimoja tu. Namba ya mama niiweke kwenye kitufe kipi?

Kwenye 5. Pitisha kidole juu ya vitufe vyake: katikati utagusa kinundu au kistari kilichoinuka. Hiyo ndiyo 5, na kidole kikishaipata, 2 iko juu yake na 8 iko chini. Mama akae kwenye 5, jirani wa karibu kwenye 2, shangazi kwenye 8. Mimi ningeishia kwa hao watatu. Kitufe 1 kiache, kwa simu nyingi ni cha ujumbe wa sauti.

Hifadhi namba ndani ya simu yenyewe, si kwenye laini, kwani laini ikihamishwa jina linaondoka nayo. Kisha ingia Contacts, tafuta sehemu ya kupiga haraka, chagua 5, halafu jina. Kama simu ina laini mbili, amua mapema ipi itapiga. La sivyo simu itauliza kwa maandishi, na koko hawezi kuyasoma.

Sasa kaa naye. Ashike 5 bila kuachia, ahesabu moja, mbili, tatu, mpaka asikie inaita. Akiachia mapema, tarakimu 5 inaandikwa tu na hakuna kinachoita. Abonyeze kitufe chekundu aanze upya. Wewe jaribu kwanza ukiwa umefumba macho, utaona anapokwama.

Nilimpangia baba yote hayo. Asubuhi simu inapiga, mchana akishika kitufe, kimya.

Simu imejifunga. Vitufe vikiwa vimefungwa, kupiga haraka hakufanyi kazi. Ingia kwenye mipangilio uzime kujifunga kwenyewe. Lakini hapo ikikaa mfukoni itajipigia na kumaliza mayuniti, kwa hiyo mshonee kamba aivae shingoni. Simu ya kukunja ni bora zaidi: ikikunjwa, vitufe vimefunikwa.

Tuko Birere. Mara nyingine simu ya mama inashika mtandao wa Gisenyi, na namba zote zinakataa.

Namba inayoanza na 0 husomwa kama namba ya nchi yenye mtandao huo. Toa 0 ya mwanzo, weka +243, hifadhi upya, kisha upange kitufe tena. Alama ya + hupatikana kwa kushika 0 au kubonyeza nyota mara mbili, kutegemea simu. Ila kupiga kupitia mtandao wa ng'ambo kunakula mayuniti mengi, kama laini yenyewe inaruhusiwa.

Mtoto wangu wa miaka minne hajui kusoma. Simu ya nyumbani ni ya kugusa.

Mpe nyuso. Weka picha ya kila mtu kwenye jina lake. Kisha shika sehemu tupu ya skrini ya mwanzo, fungua Widgets, chagua ile ya Contacts inayopiga moja kwa moja, si ile inayofungua jina tu. Ukurasa huo uwe na picha tatu, basi. Kama simu ina namba ya siri, hatafika kwenye picha hizo. Iondoe, au mpe simu nyingine isiyo na mambo yako ya pesa.