Salio au deni? Faharasa ya watafsiri watano

Mwaka juzi nilisimamia kazi ya kutafsiri programu ya simu ya kukopa na kutuma pesa, Kiingereza kwenda Kiswahili. Tulikuwa watano: watatu Dar, mmoja Arusha, mmoja Mombasa. Maneno kama 60,000 kwa miezi minne, yaani skrini za programu yenyewe, masharti ya mkopo na kitabu cha kuwafundisha mawakala. Mteja alitupa faharasa yake, faili la Ekseli lenye maneno karibu 900 na safu mbili tu, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia. Nikaisambaza kwa wenzangu, nikajua hapo nimemaliza.

Wiki ya saba mteja akawapa watu wachache toleo la majaribio. Dereva mmoja wa bodaboda aliyekuwa na mkopo akafungua ukurasa wa kwanza, akasoma "Salio la mkopo wako: TSh 120,000", akamgeukia dada aliyekuwa anaandika maoni: "Kumbe nina laki na ishirini humu? Naitoaje, dada?"

Ilikuwa pesa anayodaiwa.

Nilipofuatilia sikumkuta mtafsiri wa kumlaumu. Faharasa ilisema `balance` ni salio, na wote watano waliitii, kuanzia skrini ya kwanza hadi masharti ya mkopo. Tulikosea kwa umoja. Kiingereza kinatumia neno moja kwa pesa iliyomo kwenye akaunti na kwa deni ambalo halijalipwa, ila kwa Mswahili aliyezoea kuuliza salio kwenye simu, salio ni kitu chake cha kutumia.

Tangu siku hiyo mstari mmoja wa faharasa yangu unabeba dhana moja, si neno moja. Nikikuta neno la Kiingereza lenye maana mbili kwenye mradi, linapata mistari miwili, na kila mstari unaeleza kwa maneno machache unahusu nini. Tulikuwa tunatumia OmegaT, programu ya kutafsiria ambayo faharasa yake ni faili la kawaida la maandishi kwenye folda ya `glossary`: neno la chanzo, tafsiri, kisha maelezo, vikitenganishwa kwa tabo. Mistari yetu ikawa hivi:

```
account balance	salio	pesa iliyomo; li-ya; SI kwa mkopo
loan balance	deni lililobaki	li-ya; USITUMIE salio
transaction	muamala	wingi miamala; u-i; USITUMIE shughuli
agent	wakala	wingi mawakala; a-wa
```

Safu ya tatu ndiyo inayofanya kazi. Mtafsiri akifika kwenye sentensi yenye neno hilo, maelezo yanamtokea pembeni, na lile "USITUMIE" linamfikia kabla hajaandika. Neno lililokatazwa liandike waziwazi. Mtafsiri mzoefu ana maneno yake ya miaka kumi, na ukimpa neno sahihi tu ataona umempendekezea, atachagua lake.

Zile 900 za mteja nilizipunguza zikabaki 140. Nyingi zilikuwa maneno ambayo hakuna mtafsiri angeyakosea, kama "jina" na "tarehe", na faharasa ikijaa hayo watu wanaacha kuangalia dirisha lake. Nilibakisha neno iwapo watafsiri wawili wangeweza kulitafsiri tofauti na wote wakawa sahihi, au iwapo kulikosea kungemgharimu mtumiaji pesa. Tafsiri zenyewe tulizitafuta kwanza kwa wateja na mawakala vibandani, kisha kwenye menyu za huduma za pesa ambazo watu wanazo tayari, na mwisho kwenye kamusi na istilahi za BAKITA. Najua wapo watakaopinga mpangilio huo. Lakini mtu anayetoa pesa kila siku ameshachagua maneno yake.

Sasa zile alama za "u-i" na "li-ya". Mwezi wa pili wa kazi mteja alibadili mawazo: `transaction`, ambayo tulikuwa tumeiita shughuli, iwe muamala. Kijana mmoja wa upande wa mteja, kwa nia njema kabisa, akafanya tafuta-na-badilisha kwenye faili zote. "Shughuli yako imekamilika" ikageuka "muamala yako imekamilika", na zikawa mamia ya sentensi za namna hiyo. Kwa Kiswahili hubadilishi neno peke yake. Ukitoka ngeli ya i-zi kwenda u-i, unabadilisha kimilikishi, kitenzi na kivumishi: "muamala wako umekamilika". Kwa hiyo ngeli na wingi viandikwe kwenye faharasa tangu mwanzo, ili siku neno likibadilika ujue mara moja kama ni kazi ya dakika tano au ya siku mbili. "Hesabu" kuwa "akaunti" ni rahisi, zote ni i-zi. "Shughuli" kuwa "muamala" lazima mtu akae asome sentensi moja moja.

Ngeli inasumbua pia ukaguzi wa mashine. Programu nyingi za kutafsiria zinaweza kukagua kama tafsiri ina neno la faharasa, lakini zimezoea lugha zinazobadilika mwishoni mwa neno. Sisi tunabadilika mwanzoni. Andika "mkopo" kwenye faharasa, na kila "mikopo" itaripotiwa kama kosa. Siku ya kwanza nilipata maonyo mengi kiasi kwamba kosa la kweli nisingeliona hata lingekuwepo. Dawa tuliyoipata ni kuingiza umoja na wingi kama tafsiri mbili halali, na vitenzi kutovikagua hivyo kabisa, maana "rudisha" itatokea kama "umerudishiwa", "zitarudishwa", na kuendelea. Badala yake nawinda maneno yaliyokatazwa, baada ya kila fungu kukabidhiwa:

```
grep -niE "salio la mkopo|shughuli (yako|hii)|hesabu yako" *.txt
```

Kimilikishi kipo hapo makusudi. Ukitafuta "hesabu" tupu utapata kila mahali penye kujumlisha na kutoa.

Mwenzetu wa Mombasa alikuwa na tatizo lake. Aliandika "nambari ya siri", sisi wa Dar tukaandika "namba ya siri", na kila mmoja alikuwa anamsahihisha mwenzake kimyakimya wakati wa kuhakiki. Nikamuuliza mteja: programu inaanzia nchi gani? Tanzania. Ikawa namba, na kwenye safu ya maelezo tukaandika "Kenya: nambari" kwa ajili ya toleo la baadaye. Ugomvi ule ulikuwa umekula wiki mbili, na swali kwa mteja lilikuwa la mstari mmoja.

Uamuzi wa mwisho juu ya faharasa ubaki kwa mtu mmoja. Kwetu nilikuwa mimi: wote waliruhusiwa kupendekeza kwenye kundi letu la Wasapu, nami nikaingiza kila Ijumaa jioni pamoja na tarehe ya badiliko. Katikati ya wiki hakuna neno linalobadilika, hata mteja akipiga simu.

Kuna jambo moja nililichelewa kuliko yote. Tulipokwisha kuweka "deni lililobaki" kwenye faharasa, "salio la mkopo" iliendelea kuchipuka kwenye tafsiri mpya kwa wiki nzima. Faharasa ilikuwa sahihi. Kumbukumbu ya tafsiri ndiyo ilikuwa imehifadhi sentensi za zamani, na kila sentensi iliyofanana ilipotokea ilimletea mtafsiri jibu la zamani likiwa tayari limejazwa, anabonyeza tu kukubali. Siku hizi neno likibadilika nasafisha kumbukumbu kwanza, ndipo naingiza mstari mpya kwenye faharasa na kuwatangazia wenzangu.