Barua kwa mwanangu: zile namba za daftari la babako

"Mama, ile page ya watu wa mbali uliyonipigia picha kwa daftari la baba, naicopy kwa simu lakini kuna 011 tatu hazifanani, zingine zimekatwa, zingine hazina kodi ya nchi. Nizichukue zote au niache zilizokatwa?"

Mwanangu, chukua zote, lakini si zote zinaingia mahali pamoja. Ngoja nikueleze na hizo 011 kwanza maana hapo ndipo utakapopotea.

Ya juu kabisa, ile ya shangaziyo wa Makadara, ni 011 halafu tarakimu sita. Ukihesabu zote ni tisa. Hiyo ni ya laini ya waya, zamani 011 ndio ilikuwa kodi ya Mombasa kabla haijageuzwa ikawa 041, ndio maana babako kaikata na juu yake kaandika 041. Sasa usije ukajifanya mjanja ukabadilisha mwenyewe 011 kuwa 041 kwa namba zote za zamani, kwa sababu baadaye namba zenyewe pia ziliongezwa tarakimu mbele, za mjini zikawa saba, kwa hivyo ukibadilisha kodi peke yake unapata namba ambayo haiendi popote.

Ya pili ni ya yule fundi wa friji, imeandikwa juzijuzi tu, wino wake bado mweusi. Hesabu: 011 halafu saba, jumla kumi. Hiyo ni simu ya mkononi, hizi laini za 010 na 011 zilizotoka miaka ya karibuni. Unatoa sifuri ya mbele unaweka +254, zinabaki tisa nyuma yake, kwisha.

Ya tatu ndio kiboko. Ni ya binamuyo, aliiandika mwenyewe kwa mkono wake alipokuja harusini, 011 254 halafu tisa. Yeye yuko Amerika, na kule ukitaka kupiga nje ya nchi unaanza na 011, kama sisi huku tunavyoanza na 000. Kwa hivyo alituandikia namba yake ya Kenya jinsi anavyoipiga akiwa kule! Tupa 011, anza na +254. Wajua nilikaa na hiyo namba mwaka mzima nikidhani ni mbovu.

Ndio nasema kabla hujaandika namba jiulize aliyeiandika alikuwa wapi. Tazama ile ya Tanga, babako kaandika 007 27. Hiyo 007 si kodi ya Tanzania, ni njia ya mkato ya kupiga kutoka Kenya, ukiwa Dubai haifanyi kazi. 27 ndio Tanga, wenyewe wakiwa kwao huandika 027. Kwa simu yako iweke +255 27 halafu iliyobaki. Na ya Landan yenye +44 (0)7, hiyo sifuri ya kwenye mabano iache, ni ya wao kwa wao.

Sasa zilizokatwa. Babako Mungu amrehemu alikuwa na mtindo wake: mstari mmoja juu ya namba, namba imekufa. Mstari juu ya jina, mwenye jina ndiye aliyetutoka. Hao majina yao yaandike, usiwapotezee.

Namba zilizokufa ziweke kule chini kwenye noti ya huyo mtu, andika "zamani" mbele yake. Usiziweke penye namba. Laini isiyotumika hupewa mtu mwingine, na mimi yalishanikuta, nilipiga namba ya zamani ya mkononi ya shangaziyo akapokea kijana simjui, ananiita madam, na kwa WhatsApp picha yake ilikuwa imekaa chini ya jina la shangaziyo miezi. Hebu fikiria ningetuma pesa. Lakini pia usizifute, kwa sababu kuna meseji za M-Pesa za babako zenye namba hizo na bila noti hutajua zilikwenda kwa nani.

Ah, na kama utaziweka kwa eksel ili uwatumie ndugu zako, geuza ile kolamu iwe teksti kwanza ndio uanze kuandika, la sivyo inameza sifuri za mbele na zile jumlisha.

Ule mstari wa tano uliomwagikiwa chai, hapo katikati ni 1 au 7, tazama vizuri, saba ya babako ina kijistari tumboni, moja haina. Usipokiona usibahatishe, weka alama ya kuuliza, Ijumaa nitakwenda Kibokoni nimuulize mwenyewe.

Mamako