Neno moja, masikio mawili: majibu ya barua zenu kuhusu lugha ya hospitali

Shikamoo mama. Mama yetu aliambiwa ana haipatensheni. Tangu mdogo wetu arudi kutoka machimboni mama ametulia, anasema tensheni imeisha, na dawa ameacha. Sisi tunamwona mzima. Tumwache? (Binti, Igoma)

Marahaba mwanangu. Msimwache. Mama yenu hakuelewa vibaya kwa ujinga. Amelisikia neno kama sisi sote tunavyolitumia mtaani. Kwetu tensheni ni wasiwasi: mechi ina tensheni, mtoto kachelewa kurudi unapata tensheni. Kwa daktari neno lile halina wasiwasi ndani yake hata chembe. Linasema nguvu ya damu inayosukuma kuta za mishipa, na ile "haipa" ya mbele inasema nguvu hiyo imezidi. Mishipa haijui kwamba mdogo wenu amerudi nyumbani.

Nimemhudumia mama mmoja wa rika la mama yenu, muuza dagaa pale Kirumba. Siku ya kwanza alipima 168/104. Namba ya juu ni nguvu ya damu moyo unaposukuma, ya chini ni moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Tukarudia siku nyingine mbili, bado imepita 140/90, ambacho ndicho kizingiti wanachotumia waganga. Akaanzishiwa amlodipini, kidonge kimoja cha miligramu 5 kila siku. Baada ya mwezi alipima 138/86. Yeye akasikia habari njema: presha imeisha. Kumbe namba ile ilikuwa ni kazi ya kidonge. Wiki tatu bila dawa akarudi na 172/106, na alikuwa amekuja kwa ajili ya kidole kilichochomwa na mwiba wa samaki, wala si kwa sababu alijisikia vibaya.

Hapo ndipo penye hatari. Ugonjwa huu mara nyingi hauumi popote. Ukimuuliza mama "unajisikiaje?" atakujibu kweli kabisa kwamba yu mzima, huku mishipa ya ubongo, moyo na figo ikiendelea kuchoka.

Ni kweli pia kwamba hofu au hasira hupandisha kipimo kwa muda, na ndiyo maana ya kurudia siku tofauti. Mpelekeni akapimwe akiwa amekaa dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu haijapishana, mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo. Mwambieni mhudumu wazi kwamba dawa ameacha na tangu lini. Na nyumbani lisemeni kwa Kiswahili kinachoshika: "Mama, una shinikizo la juu la damu." Shinikizo halitulii kwa sababu mtoto amerudi.

Baba kaambiwa ana presha ya macho. Tumempima mkononi duka la dawa, 118/76. Nani anasema uongo? (Kijana, Nyakato)

Hakuna aliyedanganya. Jicho lina maji yake ndani, nayo yana msukumo wake, usiohusiana na mpira unaofungwa mkononi. Hupimwa jichoni kwenyewe, na hupewa dawa ya matone. Baba asimeze vidonge vya presha vya jirani akidhani anatibu macho, wala asiache matone kwa sababu mkono umesoma vizuri. Kinachopotea katika ugonjwa huu ni uoni wa pembeni kwanza, polepole, na kilichopotea hakirudi. Matone hulinda kilichobaki tu. Kama ana pumu, amtajie daktari wa macho kabla ya kuanza matone, maana mengine, kama timololi, hubana pumzi kwa mwenye pumu.

Mimi ni mjamzito wa miezi mitano. Kwenye kadi ya kliniki wameandika O pozitivu. Mume wangu ameiona, siku ya tatu leo hasemi na mimi. Nilipimwa virusi nikaambiwa sina. (Mama kijacho, Sengerema)

Pole sana mdogo wangu. Mwonyeshe mumeo sehemu hii aisome mwenyewe.

Neno pozitivu maabara lina maana moja kavu: tulichokitafuta tumekikuta. Halisemi ni kizuri wala kibaya, wala halisemi ni nini mpaka utazame kando yake kilichotafutwa. Sisi tulilipokea neno hili zaidi miaka ile ya ukimwi, likagandia hapo. Mtu akinong'ona "yule pozitivu," haulizi mtu pozitivu ya nini. Kwenye kadi yako kilichotafutwa ni aina ya damu. O ni kundi. Pozitivu inasema chembe zako nyekundu zina alama iitwayo Rhesus, ambayo Waafrika walio wengi mno tunayo, na mumeo yawezekana sana anayo pia. Umezaliwa nayo, na utazeeka nayo. Jibu la virusi huandikwa mahali pake pengine, na hilo umeshaambiwa.

Anayepaswa kufuatiliwa kwa karibu katika mstari huo ni mama aliyeandikiwa negativu, kinyume kabisa na masikio yetu. Huyo akibeba mtoto mwenye alama, mwili wake unaweza kutengeneza kinga ya kuishambulia damu ya mtoto, hasa wa mimba zinazofuata. Kuna sindano ya kuzuia hilo, na baada ya kujifungua mtoto mwenye alama inatakiwa ndani ya saa 72. Nimewaona kinamama wakiifurahia negativu yao wakaondoka zao, hakuna aliyewaeleza.

Tafsiri ya "chanya" nayo haijatuokoa. Redioni matokeo chanya ni mafanikio. Mgonjwa akiambiwa makohozi yake ni chanya anaweza kushukuru Mungu, kumbe ameambiwa ana kifua kikuu. Mimi nawaomba wenzangu wa maabara waseme tu "tumekuta" au "hatukukuta", na wataje walichokitafuta.

Nesi aliniuliza kama nina aleji nikajibu hapana, maana vumbi halinisumbui wala samaki. Ila zamani nilipewa septrini ikanikataa, midomo ikavimba na mwili ukatoka malengelenge. Sasa nina mimba. Nilijibu vibaya? (Mama, Buzuruga)

Ulijibu swali ulilolisikia. Nesi alikuwa anauliza hilo hilo la midomo kuvimba, ila kwa neno ambalo mtaani limebaki kuwa la muwasho, chafya na dagaa. Na wewe una neno lako zuri, "dawa kunikataa", ambalo kwake lina mambo mengi mno: kutapika, kutopona, au kuvimba.

Kwako jambo hili haliwezi kungoja kliniki ijayo. Septrini ina salfa. Vidonge vitatu vya SP wanavyopewa wajawazito kliniki kuzuia malaria navyo vina salfa. Malengelenge baada ya salfa ni onyo zito, mara ya pili inaweza kuchubua ngozi, mdomo na macho. Nenda kesho, sema: "Nilimeza septrini, baada ya siku kadhaa midomo ilivimba na malengelenge yakatoka. Msinipe yenye salfa." Taja siku kadiri unavyokumbuka. Omba waandike juu ya kadi, kwa kalamu nyekundu ikiwezekana. Chandarua ulalie kila usiku, na homa yoyote uende kupimwa.

Lakini usiliongeze neno hili kupita kiasi. Anayesikia mdomo mchungu na kichefuchefu baada ya dawa ya amiba hana aleji nayo, dawa ile ndivyo ilivyo. Akiandikwa ana aleji, siku akiihitaji atanyimwa dawa nzuri.

Mimi mvuvi, niko Ukerewe. Tumbo linakata, choo mara nyingine kina damu. Kituoni wameniambia kichocho. Sijawahi kukojoa damu maisha yangu yote. Naona walichanganya majibu ya watu. (Mvuvi)

Ndugu yangu, nimelingoja swali lako, kwa sababu neno hili linawapoteza watu wa ziwani kuliko yote.

Ukifungua kamusi, bilihazia ni kichocho, basi. Lakini kichocho katika masikio ya Waswahili ni kukojoa damu, na kwa mtu wa Kwimba au Shinyanga, kwenye malambo na majaruba ya mpunga, ndivyo ugonjwa unavyojionyesha mara nyingi. Minyoo yao hukaa kwenye mishipa ya kibofu. Yetu ya ufukweni mwa ziwa ni ndugu yake, inabebwa na konokono wa aina nyingine, na hukaa kwenye mishipa ya utumbo. Mayai yake hutokea kwenye choo kikubwa. Chini ya darubini utayatofautisha kwa macho: yai la kibofu lina mwiba mkiani, la tumbo lina mwiba ubavuni. Mkojo wako unaweza kuwa safi kama maji ya mvua na bado ukawa na kichocho cha tumbo.

Kwa hiyo walichokuambia kinalingana na unachoeleza. Waulize jambo moja: walipima choo? Choo cha siku moja kinaweza kukosa mayai, ndiyo maana pengine hurudia siku ya pili. Damu chooni ina sababu nyingine pia, ikiendelea baada ya dawa usinyamaze.

Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili, kwa siku moja. Kidonge kina miligramu 600, basi mtu wa kilo 60 humeza vinne. Kula kwanza ushibe, maana ni chungu na hugeuza tumbo. Maumivu ya tumbo na kichefuchefu siku hiyo huwapata wengi, hasa wenye minyoo mingi, na hupita. Ila dawa huua minyoo iliyokomaa, michanga hubaki. Na wewe kesho utaingia majini kusukuma mtumbwi, utaokota mingine. Kwa hiyo kurudia dawa kwa mvuvi si dalili kwamba ya kwanza ilikuwa feki.

Wasioitibu kwa miaka ini hukakamaa, bandama huvimba, tumbo hujaa maji, na siku moja mtu hutapika damu. Hapo visiwani watu husema amerogwa au ana vidonda vya tumbo. Ukimwona mwenzako kambini ana tumbo la namna hiyo, au ametapika damu, mpandisheni boti usiku huo huo, na mkifika mwambieni daktari ameishi ziwani miaka mingapi.