Nilimwita jirani mwizi kwa sababu ya dadu

Wiki iliyopita msomaji mmoja kaniandikia kwa hasira: karusha dadu ya ludo mara 30, sita imetoka mara 9, anataka kwenda kumvaa mwenye dadu. Ndugu yangu, tulia kwanza. Njia hiyo nimeipita na aibu yake bado ninayo.

Kijiwe chetu kiko hapa Majengo, Dodoma, chini ya mwarobaini. Jirani yangu, mzee wa makamo, alikuwa akinifunga ludo kila Jumapili kwa dadu yake nyeupe. Siku moja nikaiazima, nikairusha mara 60 palepale, sita zikawa 15 badala ya 10. Nikasimama mbele ya watu nikasema dadu imechezewa. Mzee hakujibu kitu. Alikunja ubao wake akaenda nyumbani.

Kosa langu ni hili. Kwa mara 60, dadu safi kabisa inaweza kuupa uso wowote mara 5 hadi 15 bila hila yoyote. Na wewe mwenye 9 kati ya 30, kumbuka hukuichagua sita kabla ya kurusha, uliiona imezidi ndipo ukaishtaki. Dadu nzuri ikirushwa mara 30, kuna uso mmoja, wowote ule, utakaofika 9 au zaidi katika zaidi ya jaribio moja kati ya manne. Hilo si la kumvunjia mtu heshima.

Usiku nilikosa usingizi, basi kesho yake nikaanza upya. Nilitumia kikombe cha bati na blanketi juu ya meza ndani ya nyumba, maana nje upepo wa Dodoma unakupeperushia karatasi. Nilipanga mara 600 kabla ya kuanza, binti yangu akichora vijiti vitano vitano. Dadu ikiegemea kitu, inarudiwa. Ikitua vizuri inaandikwa, uipende usiipende. Na usiache katikati kwa kuwa hesabu imeanza kukupendeza, hapo ndipo watu wengi wanajidanganya. Ilituchukua kama saa moja na nusu.

Kwa mara 600 kila uso unategemewa kutoka mara 100. Dadu ya mzee ilitoa hivi kuanzia moja hadi sita: 99, 105, 94, 103, 91, 108. Chukua tofauti ya kila uso na 100, izidishe kwa yenyewe, jumlisha zote sita, kisha gawa kwa 100. Jumla ilikuwa 216, nikagawa nikapata 2.16. Mpaka wa kutilia shaka ni 11.07, ambao dadu nzuri huuvuka mara moja tu kati ya ishirini. Mzee hakuwa hata karibu nao.

Sasa likaja lililoniuma. Nikaijaribu na dadu yangu, ile nyekundu niliyoisifia miaka yote. Moja ilitoka 78, mbili 97, tatu 104, nne 95, tano 99, sita 127. Hesabu ikaja 12.64. Na angalia nyuso zilizoharibika: sita imezidi na moja imepungua, nazo zinatazamana. Upande wa moja ukiwa mzito hukaa chini, sita inabaki juu. Hapo si namba tu zinazosema, umbo lenyewe linakubaliana nazo. Hata hivyo nilirusha 600 nyingine ili nihakikishe, nikiangalia sita peke yake safari hii. Ikatoka 124.

Mtaniuliza, basi ni mara ngapi? Inategemea wizi wenyewe ni mkubwa kiasi gani. Kama sita inatoka mara moja kati ya tano badala ya moja kati ya sita, jiandae kurusha kama 1,000 ndipo uwe na nafasi nne kati ya tano za kuigundua. Sarafu inayoangukia kichwa mara 60 kati ya 100 inahitaji kama 200, ya mara 55 kama 800, na ya mara 51 kama 20,000. Ubovu ukipungua nusu, kazi inakuwa mara nne. Mwanahisabati John Kerrich, aliyekuwa amezuiliwa Denmark wakati wa Vita Kuu ya Pili, alirusha sarafu mara 10,000 akapata vichwa 5,067, na hata hiyo 67 ya ziada ni kiasi cha kawaida kwa sarafu nzuri. Kwa hiyo mara 600 zangu hazikuthibitisha kwamba dadu ya mzee ni kamilifu. Zilionyesha tu kwamba haina ubovu mkubwa.

Nilimpelekea karatasi yenye vijiti, na dadu yangu nyekundu juu yake. Akaisoma polepole, akaitia dadu mfukoni. "Shikamoo yako nimeipokea," akasema, "lakini Jumapili tunachezea yangu."