Funga tabia mpya pale mkono unapobaki bila kazi

"Nimesikia ukitaka tabia mpya ya kula idumu uifunge kwenye jambo unalolifanya kila siku. Nikaamua kila nikimaliza swala ya adhuhuri nile mboga mbichi. Wiki mbili, nimeacha. Nimekosea wapi?"

Dada, nami nilianza na adhuhuri hiyo hiyo, hapa Langoni, Lamu, nikaacha hata kabla ya wiki mbili. Swala yenyewe haikosekani. Tabu ni kile kinachofuata baada ya kutoa salamu. Siku moja mtoto amerudi chuoni analia njaa, siku nyingine jirani anapiga hodi, siku nyingine mume anauliza chakula. Halafu msala wangu uko ukumbini chini na matango yako jikoni, juu orofani. Mpaka nimalize ngazi, akili imeshashikwa na jambo jingine.

Basi nikaacha kutafuta saa, nikawa natazama mikono yangu. Siku tatu nilijichunga tu: ni wakati gani nimemaliza kitu jikoni na sina la kufanya ila kungoja? Jibu lilikuwa kwenye wali. Sisi huku wali wa nazi hauliwi bila kupaliwa. Maji yakishakauka, unafunika sufuria, unaweka makaa juu ya kifuniko, unauacha ukauke pole pole. Ukishaweka kaa la mwisho na kuiweka chini koleo, kazi imekwisha, na huwezi kwenda mbali kwa kuogopa wali kuungua. Hapo ndipo nilipotia nanga. Maneno yangu yalikuwa haya: "Nikishaweka koleo chini, nakata tango, nakula vipande vitatu nikiwa nimesimama."

Vitatu, si bakuli zima. Bakuli zima lilikuwa kosa langu jingine pale mwanzo, kwa sababu siku ya uchovu linaonekana kama kazi ya pili, unaliruka. Vipande vitatu havikupi uvivu. Siku nyingi nilimaliza tango lote, lakini ahadi ilibaki ni vitatu. Na kula kabla ya sahani ya wali kuna faida yake: wakati ule una njaa, tango lina ladha. Ukishashiba wali na samaki wa kupaka, nani anatafuta mboga mbichi?

Kama unapikia gesi na hupalii, nanga yako ni pale unapopunguza moto na kufunika. Tafuta kitendo chenye mwisho unaouona au kuusikia. "Nikipika" haina mwisho. "Nikifunika" inao.

Kitu kilichokaribia kuniharibia ni tango kutokuwepo. Mboga nyingi zinatujia kutoka bara kwa mashua za Mokowe, na kuna siku soko la pale karibu na Ngome unakuta nyanya zilizolegea tu. Nikaanza kununua matango ya siku tatu, na kila usiku nikimaliza kuosha vyombo naweka tango moja, kisu na kibao kando ya jiko. Ikiwa hakuna tango, karoti. Siku za ugali sikujilazimisha, kwa sababu nanga yenyewe haipo.

Usihesabu zile siku 21 ambazo watu husema tabia hushika. Phillippa Lally na wenzake wa Chuo Kikuu cha UCL, London, waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja na tabia moja ya kula, kunywa au mazoezi aliyoifunga kwenye jambo la kila siku. Utafiti ulichapishwa mwaka 2010. Muda wa kati wa tabia kushika ulikuwa siku 66. Wa haraka kabisa alichukua 18, na kuna aliyekadiriwa kuhitaji 254. Waliona pia kwamba kukosa siku moja hakuvurugi kitu. Kwa hiyo wiki mbili zako zilikuwa changa mno kuzihukumu.

Mimi nilijua imeshika mwezi wa Ramadhani. Siku ya kwanza, alasiri, napika wali wa futari. Nikapalia, nikaweka koleo chini, na nilipozinduka tango lilikuwa limeshakatwa mbele yangu na mimi nimefunga. Mkono ulikwenda wenyewe. Nikalifunika nikaliweka kwa maghribi.

Lakini mwezi ule nanga ilibidi ihame. Nikaifunga kwenye tende: nikishatema kokwa ya mwisho na kunywa maji, vipande vitatu vya tango, ndipo bhajia na viazi karai. Baada ya Idi nilirudi kwenye koleo, na siku kama nne hivi nikawa nasahau kabla mkono haujakumbuka njia yake. Ramadhani ikikukuta katikati, amua nanga ya futari kabla mwezi haujaandama. Ukingoja usiku wa kwanza, bhajia zitakutangulia.