Attiva na Disattiva: nilivyowasha jibu la likizo kwenye Gmail ya Kitaliano

Barua pepe ya hoteli ninayofanyia kazi, huku Kiwengwa, inasema Kitaliano. Mimi Kitaliano changu ni cha mapokezi: salamu, bei za vyumba, na kumwelekeza mgeni chooni. Mambo ya mipangilio ya Gmail hayamo.

Mtu ataniuliza kwa nini nisibadilishe lugha. Niliwahi. Lugha ya Gmail inafuata akaunti, haifuati kompyuta, na akaunti yetu ni moja: mimi naifungua hapa, bosi anaifungua kwao Italia. Nilipoiweka Kiingereza asubuhi, simu yake iliingia kabla chai yangu haijapoa. Tangu siku hiyo Kitaliano kimebaki, na mimi ndiye niliyetakiwa kujipanga.

Sisi hufunga wakati wa masika, kuanzia 20 Aprili hadi 31 Mei, na mimi huenda zangu Pemba kwa wazee. Lakini wiki hizo ndizo watu wanazoulizia vyumba vya Julai na Agosti. Asiyejibiwa kitu anahamia hoteli ya jirani. Kwa hiyo jibu la otomatiki halina budi kuwepo.

Mwaka wa kwanza niliingia kwenye mipangilio, nikakuta sehemu yenye vitufe viwili vya duara, kimoja juu ya chengine. Cha juu kimeandikwa `Disattiva risponditore automatico`, cha chini `Attiva risponditore automatico`. Mimi nikaliona `attiva` ndani ya neno la juu, nikasema ndilo hili. Nikaandika ujumbe, nikaweka tarehe, nikahifadhi, nikapanda boti ya Mkoani roho imetulia. Kumbe `Attiva` ni washa, na `Disattiva` ni zima. Nilizima kitu ambacho hakikuwa kimewashwa. Niliporudi nilikuta barua thelathini na kitu hazijajibiwa, tatu kati yao za wakala mmoja wa Mjini. Ya mwisho ilikuwa na mstari mmoja: "Jamani, mpo hai?"

Mwaka wa pili sikutaka kubahatisha. Nilifungua Gmail yangu mwenyewe, ambayo ni ya Kiingereza, kwenye kompyuta ya pili, nikaiweka ubavuni mwa ile ya hoteli. Hapo ndipo nilipogundua kwamba Gmail ikitoka Kiingereza kwenda Kitaliano hubadilisha maneno tu. Vitu vinakaa palepale. Alama ya gurudumu la meno iko juu kulia kwa zote mbili. Na anwani inayoonekana juu ya kivinjari haitafsiriwi kabisa. Ukishaingia kwenye akaunti, andika hii na utafika ukurasa unaotakiwa, iwe menyu ni ya Kitaliano au ya Kichina:

```
https://mail.google.com/mail/u/0/#settings/general
```

Hiyo `0` ni akaunti ya kwanza uliyoifungua kwenye kivinjari. Kama umeingia akaunti mbili kwa pamoja, ya pili ni `1`, kwa hiyo tazama kwanza picha iliyo juu kulia usije ukaweka likizo ya hoteli kwenye barua pepe yako.

Ukurasa ukifunguka, teremka mpaka karibu na mwisho wake, chini ya sehemu ya saini. Utaviona vile vitufe viwili. Unachokitaka ni cha chini. Kisha kuna `Primo giorno`, siku ya kwanza, na `Ultimo giorno`, siku ya mwisho, ambayo ina kisanduku chake cha tiki. Usipoijaza siku ya mwisho, jibu litaendelea kutoka mpaka mtu alizime kwa mkono, na hoteli itatangaza imefungwa huku wageni wanakula kiamshakinywa. Chini yake ni `Oggetto`, yaani kichwa cha barua, halafu `Messaggio`, ujumbe wenyewe.

Chini ya ujumbe kuna kisanduku kinachotaja `Contatti`. Hicho ukikitia tiki, jibu litakwenda kwa watu waliomo kwenye orodha yako ya mawasiliano tu. Kwa barua pepe yako binafsi ni sawa, pengine hata ni bora. Kwa barua pepe ya hoteli ni balaa, maana mgeni anayeulizia chumba kwa mara ya kwanza hayumo kwenye orodha yoyote. Kiache kitupu.

Mwisho kabisa wa ukurasa kuna `Salva modifiche`, ndiyo hifadhi, na `Annulla`, ambayo inatupa yote uliyoyaandika. Ukiondoka bila kuhifadhi, kazi yako imekwenda na maji.

Sasa majaribio, na hapa nilikwama tena. Nilipanga kila kitu tarehe 19 mchana, siku ya kwanza nikaweka 20, nikajitumia barua kutoka kwenye akaunti yangu. Kimya. Nikatuma tena. Kimya. Nilikuwa nishaanza kufuta na kuandika upya ndipo nikatanabahi: Gmail huanza saa 6 usiku wa kuamkia tarehe uliyoiweka, na kumalizika saa 5:59 usiku wa siku ya mwisho. Mchana wa 19 haukuwa na cha kujibu. Nikarudisha siku ya kwanza kuwa leo, nikahifadhi, na juu ya ukurasa ukatokea utepe wenye kichwa cha ujumbe wangu. Utepe huo ndio dalili kwamba kitu kinafanya kazi. Nikatuma barua, jibu likaja. Baadaye nikairudisha tarehe kuwa 20.

Jambo moja la kujua ukijaribu: mtu mmoja hajibiwi kila anapoandika. Akipata jibu leo, hatalipata jengine mpaka zipite siku nne, labda uwe umeubadilisha ujumbe, hapo hesabu inaanza upya. Kwa hiyo barua ya pili ya majaribio isipojibiwa, usidhani kimeharibika. Barua zinazoangukia kwenye taka nazo hazijibiwi.

Ujumbe wenyewe bosi aliniandikia kwa Kitaliano na Kiingereza, mimi nikaongeza Kiswahili chini kwa ajili ya mawakala wetu: "Hoteli imefungwa kwa masika kuanzia 20 Aprili hadi 31 Mei. Maombi ya vyumba tutayajibu tukifungua, kwa mpangilio yalivyoingia. Kwa jambo la dharura, piga simu ya hoteli." Gmail huutunza ujumbe huo hata baada ya kuzima, kwa hiyo mwaka unaofuata utaukuta. Lakini utaukuta na tarehe za zamani ndani yake. Kubadilisha `Primo giorno` hakubadilishi uliyoyaandika kwa mkono.

Njia ya mkato ipo: programu ya Gmail ya kwenye simu hufuata lugha ya simu, si ya akaunti. Akaunti ya Kitaliano kwenye simu ya Kiingereza itakuonyesha `Vacation responder` kwenye mipangilio yake, bila kumgusa bosi. Kwetu hairuhusiwi kuweka barua pepe ya kazi kwenye simu binafsi, ndiyo maana nimezoea kompyuta mbili. Mdogo wangu, aliyeko hoteli ya Nungwi, yeye amemaliza yote kwa simu akiwa ndani ya daladala, akanicheka mpaka akashuka.